Nane ya Panga kwenye mtandazo wa mapenzi: kutenganisha kamba ya kweli na kitambaa cha macho

Kabla hujashika karata za taroti, ondoa neno moja mdomoni: "umefungwa." Huku kwetu Malindi ukimwambia mtu mwenye shida ya ndoa kwamba karata inaonyesha amefungwa, yeye hasikii kwamba amekwama. Anasikia kwamba kuna mtu amemwendea kwa mganga akamfanyia kitu. Atatoka hapo moja kwa moja kutafuta wa kumfungua, na wiki ijayo utaambiwa amelipa kuku mweusi na elfu kadhaa. Mimi husema "umezuiliwa", au "kuna kizuizi". Nane ya Panga inataka lugha safi kuliko karata nyingine yoyote ninayoijua.

Na kwa anayeona jambo lote hili ni ramli, sina ubishi naye. Sitabiri. Natandaza karata ili mtu apate kitu cha kutazama huku akisema yale ambayo hangeyasema akinitazama mimi machoni. Ukiona haifai kabisa, ruka picha, chukua karatasi na kalamu, na uanzie hatua ya tatu.

Kwanza ijue picha yenyewe

Karata nyingi za taroti zinazouzwa leo zinafuata michoro ya Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909 chini ya uelekezi wa Arthur Edward Waite. Mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi: ulianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ukiwa wa kuchezwa mezani tu. Sisi tuna undugu nao kuliko tunavyodhani. Tukicheza karata barazani tunasema kopa, shupaza, pau na uru, maneno ya Kireno yenye maana ya vikombe, panga, magongo na dhahabu. Kwenye taroti ndiyo makundi yaleyale manne: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Kwa hiyo Nane ya Panga ni nane ya shupaza, ila hii imechorwa hadithi. Mwambie mteja ni upanga wa vitani, maana ukisema panga tu atafikiria lile la kufyekea.

Anasimama mwanamke peke yake, nguo yake nyekundu. Amefungwa kitambaa machoni na amezungushiwa vitambaa mwilini hadi mikono haionekani. Panga nane zimechomekwa ardhini, nyuma yake na ubavuni. Chini ni tope na vidimbwi, kama pwani yetu maji yakishakupwa. Mbali nyuma kuna ngome juu ya mwamba.

Sasa tazama tena, taratibu. Miguu haikufungwa. Mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Panga hazimgusi. Hapo ndipo wengi wanaosoma karata hii wanapokimbilia: "Unaona dada, uko huru, umejizuia mwenyewe, ondoa hicho kitambaa utembee." Hilo ni nusu ya picha. Nusu ya pili ni mikono. Aondoe kitambaa kwa mkono upi? Na mtu aliyezungushiwa vitambaa mikononi hawezi kuwa ndiye aliyejifunga. Kuna mtu mwingine alikuwepo, akafunga, akaenda zake, na mchoraji hakumtia kwenye picha.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, miaka ya mwanzo, nikiwa Lamu. Nilimwambia mama mmoja kwamba woga wake wote uko kichwani. Alirudi nyumbani na ushujaa niliompa mimi, akamkabili mumewe usiku huohuo, na usiku huohuo akatolewa nje na watoto. Mume alikuwa amemwahidi hivyo mara mbili, na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo picha hii naigawa mafungu mawili: kamba, yaani vile vilivyomzunguka mikono, ni kitu kilichopo hata usipokiamini; kitambaa cha macho ni kitu kinachokuzuia kwa sababu unakiamini. Ndani ya karata moja vyote viwili vipo, na mwongozo huu wote ni namna ya kuvitenga.

Waite mwenyewe aliiandika kama karata ya kifungo cha muda kuliko utumwa usio na mwisho. Kwa mtu wa pwani hilo halihitaji maelezo marefu, tope lile linasema. Maji yatajaa. Swali ni atakuwa amesimama wapi yakijaa.

Hatua ya kwanza: maswali matatu bila karata

Uliza haya kabla hujachanganya. Je, anakupiga, au amewahi kukutishia kukupiga au kukuua? Je, anakukataza kutoka, kufanya kazi au kuonana na ndugu zako? Je, anashika simu yako au anakufuata uendako?

Jibu likiwa ndiyo kwa la kwanza, karata zinarudi mfukoni. Hapo hakuna imani ya kuchambua. Hapa Kenya kuna nambari 1195, hupigwa bure, ya watu wanaodhulumiwa majumbani na kwenye mapenzi, na vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia. Tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kumkinga mtu na ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia anayemdhuru. Mpe maelezo hayo kwa mdomo, asiyaandike kwenye simu inayoshikwa na mwingine.

Jibu likiwa ndiyo kwa la pili au la tatu, unaweza kuendelea, lakini ujue tayari kwamba kamba ipo. Usije ukasahau katikati ya mazungumzo kwa sababu karata ya tano imetoka nzuri.

Hatua ya pili: tandaza tano tu

Swali la mteja karibu kila mara huja hivi: "Atabadilika?" Usilitandazie. Karata haziwezi kumsomea mtu ambaye hayupo, na jibu lolote utakalotoa litamfanya aendelee kungoja. Ligeuze pamoja naye mpaka likae hivi: "Ni nini kinanizuia katika mapenzi haya, na kipi kati yake kipo kweli?"

Karata ya kwanza ni yeye alivyo sasa. Ya pili ni mwenzake, kama mteja anavyomwona, na hapo ni macho ya mteja tunayoyasoma, si moyo wa mwenzake. Ya tatu ni kizuizi. Ya nne ni kilicho mkononi mwake tayari. Ya tano ni hatua ya mwezi huu.

Nitaeleza kwa mtandazo mmoja, wa dada mmoja wa Maweni aliyenikubalia nisimulie bila jina. Ameolewa miaka sita, ana watoto wawili, wanaishi kwa mama mkwe. Anakaanga mahamri na viazi karai asubuhi mlangoni. Hapigwi. Simu inashikwa, "lakini ni utani tu". Karata zilitoka hivi: Mbili ya Panga, Nne ya Sarafu, Nane ya Panga, Nane ya Sarafu, Sita ya Panga.

Mbili ya Panga nayo ina mwanamke aliyefungwa macho, bahari nyuma yake, ameshika panga mbili kifuani. Weka karata hizo mbili sambamba na umwache mteja atazame. Huyu wa Mbili mikono yake iko huru, panga kazishika mwenyewe, na akitaka anaweza kuziweka chini afungue macho. Wa Nane hawezi. Nilimuuliza dada, "Wewe unajiona yupi?" Akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Siku nyingine huyu, siku nyingine yule." Jibu hilo lina thamani kuliko chochote ambacho ningemfafanulia.

Nne ya Sarafu ni mtu aliyekumbatia sarafu kifuani, nyingine amezikanyaga, nyingine iko kichwani. Jirani wa Nane ya Panga akiwa wa kundi la sarafu, anza kutafuta kamba kwenye pesa, nyumba na karatasi. Akiwa wa panga, tafuta maneno: nani alisema nini, lini. Akiwa wa vikombe, uliza kuhusu huruma na hatia. Hii si sheria ya mbinguni, ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Hatua ya tatu: kila upanga upewe sentensi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo utatumia nusu ya muda wote. Mpe karatasi, aandike nambari moja hadi nane. Kila nambari ni sentensi moja inayoanza na "Siwezi, kwa sababu". Aandike mwenyewe, kwa maneno yake, usimrekebishe.

Kwa nini nane, wala si "andika yote yanayokusumbua"? Kwa sababu sentensi tatu nne za mwanzo ni zile anazowaambia watu wote. Zikiisha anakwama. Kukwama huko usikuokoe kwa mazungumzo, mwache atazame picha. Zinazokuja baada ya hapo ndizo hajawahi kuzisema kwa sauti, na mara nyingi anaziandika kwa herufi ndogo.

Dada aliandika hivi. Nikitoka atachukua watoto. Sina pesa ya kodi. Nyumba ni ya mama yake. Mahari yalishaliwa na nyumbani hawawezi kurudisha. Watu watasema. Hapo akasimama, kama dakika tano. Kisha: hakuna mwanamume atakayenitaka na watoto wawili. Nilichagua mwenyewe. Na ya nane, pembeni kabisa mwa karatasi: laini ya simu ni ya jina lake.

Hatua ya nne: jaribu kila sentensi

Kila upanga upitishe kwenye maswali matatu, kwa mpangilio huu. Nani alikuambia, na lini? Ukijaribu kesho saa nne asubuhi, ni kitu gani hasa kitakachokuzuia: mtu, pesa, karatasi, sheria, au mwili wako? Na umewahi kumuuliza mtu ambaye kazi yake ni kujua jambo hilo?

Ukipata kitu unachoweza kukinyooshea kidole kwenye swali la pili, hiyo ni kamba. Usipokipata, na swali la kwanza likirudisha jina la mtu mmoja na ugomvi mmoja, hicho ni kitambaa. Na likibaki "sijui, nimesikia tu", hiyo iende fungu la tatu. Fungu la "sijui" ndilo wengi hulisahau, na ndilo kubwa kuliko yote. Mtu asiyejua sheria huonekana mwenye woga, kumbe hajaambiwa tu.

Tuanze na rahisi. "Hakuna mwanamume atakayenitaka." Nani alisema? Mumewe, kwenye ugomvi, Ramadhani ya mwaka juzi. Nilimuuliza mtaani kwao kuna wangapi walioolewa tena wakiwa na watoto. Akaanza kuhesabu vidole, akafika wanne, akacheka. Kitambaa. "Nilichagua mwenyewe" nayo ni kitambaa, ila kigumu zaidi, kwa kuwa ni kweli alichagua. Sehemu ya kwanza ya sentensi ni habari, lakini ile "basi nivumilie" iliyofichwa nyuma yake haikutoka kwenye habari hiyo.

"Sina pesa ya kodi" ni kamba, na kamba huwa tunaipima urefu. Chumba alichokitazama kilikuwa 4,000 kwa mwezi, na amana ya mwezi mmoja, yaani 8,000 ya kuingilia. Akiondoa unga, mafuta na matumizi ya nyumbani, anabaki na shilingi 100 kwa siku. Hiyo ni siku 80 za kuuza bila kuugua. Nambari hiyo haikumfurahisha, lakini aliiandika. Kabla ya hapo ilikuwa "sina pesa", maneno yasiyo na mwisho. Sasa ni kamba ya siku 80.

"Atachukua watoto" na "mahari" zilikwenda kwenye sijui. Hapo mimi si mwanasheria, na nilimwambia hivyo. Ninachokijua kwa uhakika ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inataka masilahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, kwa hiyo baba hajitangazii tu. Na mahari kwenye ndoa ya Kiislamu ni haki ya mke, si ya baba yake. Iko njia ya mke kujivua kwa kurudisha mahari, ile khului, na iko nyingine ya kadhi kuivunja ndoa kwa sababu kama madhara au kutotunzwa. Yapi yanamhusu yeye, kadhi ndiye wa kuulizwa. Kumuuliza kadhi si kufungua kesi, na wengi hawalijui hilo.

"Watu watasema" huwa inanipa tabu. Vitabu vingi vya taroti vingeiweka kwenye vitambaa bila kufikiri, lakini vimeandikwa na watu wasioishi kwenye mitaa yenye baraza. Watu watasema kweli. Kwa mwanamke anayeuza mahamri mlangoni, kusemwa kunaweza kumpunguzia wateja. Nilimuuliza wangapi wangeacha kununua. Akafikiri akasema labda nyumba mbili, na zote za ukoo wa mume. Basi ni kamba, lakini nyembamba.

Halafu laini ya simu. Yeye aliiandika kama jambo la kuona haya, na mimi nilikaribia kuipita. Swali la pili ndilo lililotuzindua: ukijaribu kesho, nini kitakuzuia? Pesa za viazi zinaingia M-Pesa. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Akitaka, mume anaenda dukani na kitambulisho chake, anasema laini imepotea, anapewa nyingine, na akiba yote ya siku 80 iko mfukoni mwake. Dada alikuwa akiweka akiba kwenye mfuko wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo kamba ya mkononi hasa, ile inayozuia kufungua zote nyingine, na ndiyo aliyoiita utani saa nzima kabla.

Hatua ya tano: shughuli moja kwa kila "sijui", na kamba moja tu

Rudi kwenye karata ya nne na ya tano ukiwa na mafungu matatu mezani. Nane ya Sarafu ni fundi aliyeketi anagonga sarafu moja baada ya nyingine. Mkononi mwake dada tayari ana kazi, na kazi hiyo ndiyo itakayokata kamba ya kodi. Sikuhitaji kusema zaidi.

Sita ya Panga ndiyo mtego. Mtu anavusha mwanamke na mtoto kwa mashua, wamejikunyata, maji mbele yametulia. Ikitoka mwisho baada ya Nane ya Panga, ulimi unawasha kusema "ondoka". Usiseme. Nafasi ya tano ni hatua ya mwezi huu, si hukumu ya ndoa. Tena panga sita zimo humohumo kwenye mashua, zimesimama mbele ya abiria. Yaani hata anayehama huhama nazo. Tuliisoma hivi: mwezi huu vusha kitu kimoja tu, kitoke upande wake kije upande wako. Kitu hicho kilikuwa laini ya simu, kwa kitambulisho chake mwenyewe. Na kwa fungu la sijui, safari moja ya kumuuliza kadhi, akiwa na maswali mawili yameandikwa.

Vitambaa hatukuvigusa siku hiyo. Hapa natofautiana na wengi, wanaoanza kwa kumfungua mtu macho. Ukimwondolea kitambaa kabla kamba haijalegea, atakachokiona ni panga, na mikono bado haitembei. Kamba moja kwanza.

Ikitoka kichwa chini

Wengine huisoma Nane ya Panga iliyogeuka kama uhuru umefika. Mimi huuliza kwanza: wiki mbili zilizopita, ni kitu gani kimebadilika ambacho jirani angekiona? Akinitajia kitu, kama laini mpya, chumba kilicholipiwa au shangazi aliyejua habari yote, basi nakubali kwamba kuna kinacholegea. Asipokuwa nacho, naisoma kama imesimama wima. Alama nyingine ya hatari ni mteja anayetaka karata irudiwe mpaka itoke nyingine. Ukikubali mara ya pili, umemfundisha kwamba ukweli unabembelezwa.

Nami sitandazi tena kwa swali hilohilo mpaka shughuli za hatua ya tano ziwe zimefanywa, hata ikichukua miezi. Dada wa Maweni alirudi baada ya wiki tano bila kutaka karata. Alileta karatasi yake ileile, ina mafuta ya viazi pembeni. Ya nane ilikuwa imekatwa kwa mstari. Ya kwanza na ya nne zilikuwa na maandishi madogo chini yake, aliyoyaandika nje ya ofisi ya kadhi asije akasahau. Kuhusu kuondoka hajaamua, na sikumuuliza. Alichotaka ni kalamu, kwa sababu siku 80 zilikuwa zimebaki 52 na alitaka kuiandika mbele yangu.